Ajenti anarudisha ploti: nisaini barua ipi ya makabidhiano?

Baba Ploti
Wazee, nina nyumba 12 Kasarani, za chumba kimoja cha kulala, na 10 zina watu. Ajenti tumeachana kwa notisi ya mwezi mmoja, bila ugomvi. Jana ameniletea barua ya ukurasa mmoja inayosema anakabidhi "funguo zote na rekodi zote" pamoja na dipoziti za wapangaji, Sh108,000. Kwa hesabu yangu dipoziti ni 144,000: wapangaji wanane walilipa 15,000 kila mmoja na wawili wa zamani 12,000. Anasema amekata 12,000 za komisheni ya mwezi wa mwisho na 24,000 za fundi wa pampu. Deni lenyewe silikatai.

Naona njia tatu. Nisaini ilivyo, nidai dipoziti nzima naye alete bili yake kando, au awarudishie wapangaji pesa zao wanilipe mimi upya. Mliopitia haya mlifanyaje?

Fungua Geti
Ya tatu, bila kufikiria. Kila mtu anaanza na risiti mpya yenye jina lako. Na badilisha vitasa vyote kabla ya kusaini chochote.

Bi Daftari
Nimeshika vitabu vya kodi za nyumba miaka mingi, na hiyo ya tatu nimeiona ikifanywa mara moja tu. Mpangaji akishikishwa 15,000 katikati ya mwezi, karo ya shule inazimaliza kabla hazijakufikia. Unabaki na watu ndani wasio na dipoziti, na mikataba yao bado inasema walilipa.

Vitasa, Fungua Geti amepata nusu. Geti na zile nyumba mbili tupu, badilisha. Penye mtu ndani huwezi kufanya hivyo bila yeye kukubali.

Baba Ploti, chukua ya pili. Zile pesa si zako wala za ajenti. Mpangaji akihama atakuja kwako na risiti ya 15,000, na wakati huo hakuna atakayekumbuka pampu. Barua iorodheshe nyumba moja moja: jina la mpangaji, tarehe aliyolipa, namba ya risiti, kiasi, na jumla iwe 144,000. Akikataa katakata kuzitoa nzima, basi iandikwe kwamba alikuwa ameshika 144,000, amekata 36,000 kwa idhini yako, na risiti ya fundi imeambatishwa. Hapo utapokea 108,000 zile zile, lakini karatasi itaonyesha kwamba 36,000 umezitumia wewe kulipa madeni yako, na ni juu yako kuzirudisha kwenye dipoziti.

Mpangaji B7
Mimi nilihama mwezi wa tatu. Ajenti ananituma kwa landilodi, landilodi ananirudisha kwa ajenti. Hii barua inanisaidia?

Bi Daftari
Angalia mkataba wako, ndugu. Kama ajenti alisaini kwa niaba ya mwenye nyumba, anza na mwenye nyumba, na umwombe akuonyeshe jina lako kwenye orodha ya makabidhiano. Ikiwa jina halimo, utajua ni kwa nini wanakuzungusha.

Niko Doha
Mimi kaka yangu alinisainia. Mstari wa mwisho ulisema "hakuna upande utakaomdai mwenzake". Baadaye ikaja bili ya maji ya miezi miwili ya ajenti, nikailipa mimi. Na wapangaji watatu waliendelea kutuma kodi kwenye Paybill yake hadi mwezi uliofuata. Andikeni tarehe ya mwisho ya kupokea, na siku ngapi atapitisha kinachoingia baada ya hapo.

Baba Ploti
Nimeisoma tena. Huo mstari uko, maandishi madogo kabisa!

Bi Daftari
Ufutwe. Na "funguo zote" isibaki hivyo. Hesabuni kwa mlango: geti, chumba cha mita, tangi la juu, nyumba tupu, funguo za akiba. Kila ufunguo ujaribiwe mlangoni pake kabla ya saini. Kama alikuwa anakulipia KRA ile asilimia 7.5 ya pango, chukua risiti za kila mwezi, usije ukalipa mara mbili.

Baba Ploti
Swali la mwisho. Mpangaji wa A2 anasema alilipa 15,000, ila daftari la ajenti linasema 12,000. Risiti ilitoka kwa ajenti wa kwanza, aliyekuwepo kabla ya huyu.

Fungua Geti
Huyu wa sasa alipokea ploti bila kuuliza. Abebe hiyo 3,000.

Bi Daftari
Abebe vipi pesa ambayo huenda hakuwahi kuishika? Mimi ningeiandika pembeni: "mpangaji anadai 15,000, iliyokabidhiwa ni 12,000", na A2 aweke saini hapo hapo.

Fungua Geti
Mpangaji kusaini barua ya watu wawili? Atadhani umekubali.

Baba Ploti
Kesho asubuhi tunajaribu funguo na keateka. Risiti ya fundi nimeiomba tangu saa sita, ujumbe umesomwa, jibu bado.