Naomba ushauri: picha inaganda, kosa ni antena?

Wakuu, nimehama kutoka video ya analogi kwenda ya dijitali kwenye droni yangu ya inchi 5, ninayoirusha nikitazama picha ya kamera yake kwenye miwani. Kwenye analogi chenga zilikuwa zinaongezeka taratibu, najua ni muda wa kugeuza. Sasa picha ni safi, ila nikipita nyuma ya mti inachelewa, inaganda, kisha inarudi droni ikiwa imeshafika kwingine (juzi ilikuwa tawini).

Fremu 120 kwa sekunde badala ya 60 zimesaidia nikiwa karibu tu. Jana nimegundua antena ya droni, niliyoihamisha kutoka mfumo wa zamani, imeandikwa RHCP, yaani mawimbi yake huzunguka kulia, za miwani LHCP, yaani kushoto. Mzunguko ukipishana hivyo nguvu nyingi hupotea. Nibadilishe ya droni tu? Na kwenye miwani, moja niweke bapa ya kuelekeza mbele, wakati mara nyingi napita hata nyuma yangu?