Jibu la intavyu: la kukariri au la kusimulia? Nawekeni sawa kabla ya Alhamisi

Kijana_Mikindani

Salaam wakubwa. Nimeitwa intavyu Alhamisi kwenye kampuni ya klearingi kule Shimanzi, kazi ya karani wa nyaraka. Nimeambiwa watakuwa watu watatu na sehemu kubwa itakuwa Kiswahili, kwa sababu kutwa nzima ni kuongea na madereva na watu wa yadi. Swali ambalo najua litakuja ni hili: "Tuambie siku ulipopata tatizo kazini na ulilimaliza vipi." Tukio lenyewe ni la kweli, lilinipata mwaka jana. Nina majibu mawili na sijui niende na lipi.

La kwanza nimelikariri wiki mbili, naweza kulisema hata usingizini:

*"Katika kipindi changu nikiwa karani wa nyaraka, nilikabiliwa na changamoto ambapo nambari ya kontena iliyokuwa katika nyaraka haikuwiana na nambari iliyokuwa katika kontena lenyewe, hali iliyosababisha kuzuiliwa kwa mzigo. Kwa kutumia ujuzi wangu wa mawasiliano, nilishirikiana na wakala wa meli pamoja na wadau wengine ili kuhakikisha kwamba marekebisho yanafanyika kwa wakati. Hatimaye mzigo ulitolewa kabla ya gharama za storeji kuanza, na kutokana na tukio hilo nilibuni utaratibu wa kuhakiki ambao unatumika hadi leo."*

La pili nimejaribu kulilegeza:

*"Yaani kuna kontena ilitusumbua sana, nambari hazikuwa zinaingiana, mambo yakaharibika kabisa. Lakini tukapambana, tukaongea na watu, mwisho wa siku ikatoka bila shida."*

Lipi bora? Rafiki yangu asema la kwanza ni la msomi, la pili ni la barazani.

MamaAmina

Mwanangu, mimi nakuambia kilichonipata. Nilikwenda kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huku pwani, nina jibu langu nimelishika kama Fatiha. Niko katikati, mama mmoja akaniuliza, "Samahani, mgeni mwenyewe alisema nini?" Nikanyamaza, kisha nikajisikia nasema tena, "Katika kipindi changu…" Nimerudi mwanzo kabisa! Wote watatu wakainamisha macho kwenye karatasi. Kazi sikupata. Hilo lako la kwanza lina mlango uleule. Na uvae viatu vya kufunga, watu wa ofisi za bandari wanatazama miguu.

Baharia_Tudor

La kwanza lina kila kitu, usilitupe. Libakishe vilevile, ila utie "eeh" na "ngoja nikumbuke" sehemu mbili tatu, na upunguze mwendo. Jirekodi kwa simu mpaka isikike kama unawaza. Mimi nilifanya hivyo na nikapita.

Mzee_wa_Nyaraka

Kijana, aleikum salaam. Nimefanya kazi ya makaratasi ya mizigo miaka mingi na nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi, kwa hivyo nitakwenda polepole.

Baharia yuko sawa kwa nusu moja: jibu la kwanza lina hoja ambazo la pili limezipoteza. Hesabu. La kwanza lina nambari kutolingana, wakala wa meli, kutoka kabla ya storeji, na utaratibu mpya. La pili limebaki na "mambo yakaharibika" na "tukapambana". Nani alipambana? Na nani? Siku ngapi? Ulegevu wa namna hiyo si usemaji, ni kufuta habari. Ukinipa haya mawili tu, nitachukua la kwanza.

Lakini "eeh" ya kupandikiza hapana. Mtu husita anapotafuta kitu: jina, siku, nambari. Ukisita kabla ya "kwa kutumia ujuzi wangu wa mawasiliano" nitajua mara moja, kwa sababu hapo hakuna kitu cha kutafuta kichwani. Ni maneno tu.

Sasa tazama kinacholifanya la kwanza lisikike limeandikwa. Jambo la kwanza ni vitenzi. Hakuna mtu Mombasa anayesimulia kisa kwa "nilikabiliwa… ilisababisha kuzuiliwa… ulitolewa". Tukisimulia tunaanza na "li" mara moja, kisha tunashika "ka" na kwenda nayo: alinipigia, nikamwambia, akanijibu, nikatoka. Hiyo "ka" ndiyo inayobeba masikio ya msikilizaji, na ndiyo itakayokuvusha wewe pia, kwa sababu kila tendo linaita linalofuata. Huna haja ya kukumbuka sentensi, unakumbuka kilichotokea.

Jambo la pili, watu wamejificha. "Wadau wengine" ni akina nani? "Mzigo ulitolewa" na nani? Mahali pa "wadau" weka mtu aliyeshika simu. Mahali pa "changamoto" weka kilichoonekana kwa macho.

Kabla sijakuandikia, nijibu matatu. Kosa la nambari lilianzia wapi? Ulilijuaje? Na huo utaratibu ni upi hasa?

Kijana_Mikindani

Shikamoo mzee, ahsante. Kosa lilitoka kwenye karatasi za meli, tarakimu mbili zimepinduliwa, na manifesti ikaingia hivyohivyo. Mimi nikanakili kwenye entri ya forodha bila kuhakiki. Tulijua dereva alipofika yadi kupakia, wakatafuta ile nambari, haipo. Ilikuwa Jumanne, siku za bure zaisha Ijumaa. Nilikwenda kwa wakala wa meli mwenyewe, wakaomba manifesti irekebishwe forodha, nami nikarekebisha entri. Ikatoka Alhamisi jioni. Utaratibu ni kupiga hesabu ya tarakimu ya mwisho kabla ya kutuma entri.

Mzee_wa_Nyaraka

Marahaba. Unaona? Hapa umeandika haraka bila kujipamba, na umeeleza vizuri kuliko majibu yote mawili. Nimeligusa kidogo tu:

*"Kuna kontena moja ilinifundisha kazi. Dereva alinipigia kutoka yadi, Jumanne asubuhi, akaniambia, 'Hii kontena yako haipo.' Nikatoa karatasi. Kumbe tarakimu mbili zimepinduliwa. Zilikuja hivyo kwenye karatasi za meli, lakini mimi ndiye niliyezinakili bila kuhakiki. Na siku za bure zinaisha Ijumaa. Sikupiga simu, nilikwenda mwenyewe kwa wakala wa meli na picha ya kontena mkononi, wakaomba manifesti irekebishwe siku ileile. Nami nikarekebisha entri. Alhamisi jioni ikatoka, storeji haikulipwa hata shilingi. Tangu siku hiyo situmi entri kabla ya kuihakiki ile tarakimu ya mwisho."*

Hoja zako nne zote zimo. Picha nimeitia kwa kukisia. Kama hukuwa nayo, itoe. Usiseme lolote ambalo hukulifanya, maana hapo ndipo swali la pili litakapokukamata.

Na swali la pili litakuja, hakika. "Kuihakiki vipi?" Watu wa kazi hii watauliza. Nambari ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba inatokana na hesabu ya zote zilizotangulia. Chukua CSQU3054383, inayotumiwa sana kufundishia. Ukizipindua 0 na 5 ikawa 3504383, hesabu inataka mwisho uwe 8, na karatasi inasema 3. Umelikamata kosa ukiwa mezani, dereva hajawasha gari. Ukiweza kueleza hilo kwa utulivu, hawatauliza tena kama una "umakini".

Rukia_Kisauni

Mzee, kwa heshima zote, hapo kwa "mimi ndiye niliyezinakili" mimi nina shaka. Nimefanya kazi ya kuajiri miaka kadhaa. Kijana anaomba kazi ya kuandika nambari, halafu dakika ya kwanza aseme alikosea nambari? Angesema tu "zilikuja zimepinduliwa kwenye karatasi za meli". Si uongo.

Mzee_wa_Nyaraka

Bi Rukia, si uongo, lakini mwenye kazi anajua karani hupitisha macho yake kila karatasi. Atauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Bora aliseme kwa mdomo wake, sentensi moja, asiombe radhi, apite.

Rukia_Kisauni

Inategemea nani yuko mezani. Mtu wa operesheni atakuelewa. Meneja wa fedha ataandika "alikosea" na kupiga mstari. Nimeyaona yote mawili.

Baharia_Tudor

Basi alikariri hili jipya la mzee, shauri limekwisha.

Mzee_wa_Nyaraka

Hapana Baharia, akilikariri hili tumerudi palepale, ila maneno ni mafupi. Kijana, chukua kipande cha karatasi, andika maneno manne: *haipo, nimenakili, Ijumaa, tarakimu ya mwisho*. Yafunge haya, mengine yaache huru. Sentensi ya kwanza na ya mwisho unaweza kuzishika vilivyo, maana ndizo zinazoponyoka mtu akiwa na hofu. Kisha mpe mtu akukatize. Akikuuliza jambo katikati, jibu, halafu endelea kutoka pale ulipofika. Ukijikuta unarudi mwanzo kama Mama Amina, bado umekariri.

Kijana_Mikindani

Nimefanya jana usiku na dada yangu, yeye anakaanga viazi, mimi nimesimama mlangoni. Mara ya kwanza alinikatiza kwa "siku za bure ni nini?" na nikapotea kabisa. Mara ya tatu alinikatiza palepale, nikamwambia, "ni siku ambazo bandari haikutozi kuweka mzigo," nikaendelea na Ijumaa yangu. Kila mara maneno yalikuwa tofauti, lakini yale manne yalikuwemo. Nilipima kwa simu: sekunde 70, mara nyingine 85.

Picha nilikuwa nayo kweli mzee, dereva ndiye aliyenitumia. Kwa hivyo nimeibadilisha iwe "picha aliyonitumia dereva".

Kilichobaki ni lile la Bi Rukia. Nikisema "mimi ndiye niliyezinakili" sauti yangu yashuka, hata dada ameona. Nikiliacha, najisikia nimeruka kitu.

MamaAmina

Liseme ukimtazama dada usoni, si sufuria. Sauti hushuka na macho.

Rukia_Kisauni

Jaribu kulisema baada ya Alhamisi jioni, si kabla. Kontena ikishatoka, ndipo useme "na mimi ndiye niliyezinakili bila kuhakiki, kwa hivyo tangu siku hiyo…" Hapo kosa na dawa yake vimekaa pamoja, na sauti haina pa kushuka.

Mzee_wa_Nyaraka

Hilo sikuliwaza, Bi Rukia. Ila kijana, ukilihamisha, usije ukalisahau kwa furaha ya kontena kutoka. Lijaribu leo mara mbili kila upande, dada akisikiliza, utwambie lipi lilikutoka bila kuvuta pumzi.

Kijana_Mikindani

Sawa mzee. Dada amesema kesho anapika wali, atakuwa na nafasi zaidi ya kunikatiza.