Fundi wa kadi katukatia hashtegi katikati, na bado anasema kosa ni letu!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo. Mimi na mchumba wangu tulitangaza tarehe ya harusi juzi usiku. Maneno tuliyatunga wenyewe, siku tatu nzima, tukicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Picha na upangaji wa maandishi tukampa fundi, tukamlipa. Tangazo lenyewe hili hapa:

"Alisema atafikiria. Akafikiria miezi minane! Jibu limetoka: NDIYO. Tunza tarehe: Jumamosi, 14 Novemba 2026. Kadi ya mwaliko inafuata. Wewe anza kutafuta viatu vya kuchezea. #Tunang'araWawili"

Tamu, au sio? Sasa fungua posti uone. Rangi ya bluu inaishia kwenye #Tunang. Kilichobaki, 'araWawili, kimekaa pembeni cheusi kama mkia wa mjusi. Ukibonyeza unapelekwa kwenye #Tunang, ambako hatupo wala hatumjui mtu. Binamu zangu wamekwishaanza kurusha picha zetu za utotoni: mmoja kaandika #TunangaraWawili, mwingine #TunangaaWawili, shangazi kaweka nafasi katikati. Nampigia fundi, ananijibu, "Hiyo ni simu zenu." Kurekebisha anataka alipwe upya! Kazi gani hii?

Sikio_la_Kufa: Pole, lakini mbona hamjaandika ukumbi wala saa? Watu watafikaje?

Mwenye uzi: Ndugu, hilo ni la kutunza tarehe tu, mtu aombe ruhusa kazini mapema. Ukumbi na saa vipo kwenye mwaliko. Soma uzi kwanza.

Fundi_Mstaafu: Simu haina kosa. Hashtegi inapokea herufi, tarakimu na mstari wa chini. Ikikutana na nafasi, kistari au kile kialama cha juu, inahesabu neno limekwisha. Kwa hiyo ng' yetu ni mtego: ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, zote zinakatika baada ya g. Fundi anayetengeneza matangazo kila wiki alipaswa kuliona hilo kabla hajawakabidhi. Angeiandika tu kwenye posti ya majaribio, akatazama bluu inafika wapi.

Dogo_Janja_wa_Keibodi: Si kweli kwamba haiwezekani. Mimi nilinakili alama nyingine inayofanana nayo kabisa, ikakubali hadi mwisho. Mwambie abadilishe hiyo tu, kwisha habari.

Fundi_Mstaafu: Zipo alama zinazohesabiwa kama herufi, sikukatalii. Ila wageni wote wataitoa wapi? Wao wataandika ile iliyopo kwenye simu zao, irudi kulekule. Hashtegi ya harusi lazima mtu aliyeisikia mara moja, tena muziki ukipigwa, aweze kuiandika bila kuuliza.

Bibi_Harusi_Mstaafu: Afadhali yenu imekatika, yetu ilifika salama ikatuaibisha. Mume wangu ananiita Ua, basi tukaandika kwa herufi ndogo zote #pendolaua. Sisi tunasoma pendo la Ua, watu wanasoma pendo laua! Baba mkwe alinipigia simu kuuliza kama kuna ugomvi. Kila neno lianze na herufi kubwa: #PendoLaUa. Ukitafuta, matokeo ni yaleyale, ila macho yanajua pa kupumzika.

Mwenye uzi: Dada umenichekesha na nilikuwa nimenuna. Sasa nifanyeje? Watu 140 wameshalipata, na hashtegi imo ndani ya picha pia.

Fundi_Mstaafu: Ya ndani ya picha haibonyezeki hata ingekuwa sahihi, ni mchoro tu. Lakini watu wataikopi kwa macho, kwa hiyo picha lazima itengenezwe upya. Hiyo mdai fundi bure. Maneno ya chini ya posti hariri mwenyewe leo. Kabla hujachagua mpya, itafute kwanza uone kama kuna wenzako wameshaijaza. Halafu mpigie shangazi yule wa nafasi, umtajie kwa mdomo, akutumie alichoandika. Akipatia, umepata. Na wenye akaunti zilizofungwa waambie mapema, maana picha zao wasiowafuata hawataziona hata hashtegi ikiwa sahihi.

Mwenye uzi: Nimependekeza #TunawakaWawili. Mchumba kasema, "Tunawaka kama nyumba?" Anataka ng' ibaki, eti Kiswahili sanifu hakitupwi kwa sababu ya simu.

Dogo_Janja_wa_Keibodi: Shemeji yuko sahihi. Kiandikwe vizuri kwenye picha, ile ya kubonyeza iwe nyingine.

Fundi_Mstaafu: Mbili? Mtagawa picha mafungu mawili.

Mwenye uzi: Fundi kapiga sasa hivi. Atarudia bure, ila anataka jibu la hashtegi kabla ya saa mbili usiku. Mchumba bado hajapokea simu.