Insha moja, alama 77 huku na 50 kule: nani atamweleza mwanafunzi?

MwalimuWaZamu: Ndugu wanajukwaa, nimekasirika na sitaficha. Katika mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne hapa Dodoma, shule mbili zilibadilishana insha za Kiswahili ili kuhakiki usahihishaji. Mwanafunzi wangu, aliyeandika kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, alipewa 77 upande mmoja na 50 upande wa pili. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba miongozo ni tofauti, basi.

Upande wa kwanza ulisahihisha kwa vipengele, kwa mgawanyo uliochapishwa na Jacobs na wenzake mwaka 1981: maudhui 30, sarufi 25, mpangilio 20, msamiati 20, tahajia na uakifishaji 5. Alipata 27, 14, 18, 16 na 2. Hoja zake ni nzito, hasa anapoeleza jinsi zabibu zinavyoharibikia shambani mnunuzi akichelewa, lakini karibu kila aya ina "wana uza" au "zabibu ambayo zinaiva". Maudhui na mpangilio vikafidia udhaifu huo.

Upande wa pili ulisoma insha yote na kuipa daraja moja kati ya sita. Daraja la tatu linataja makosa yanayomkwaza msomaji, kwa hiyo akawekwa hapo, na tatu kwa sita ikageuzwa kuwa 50. Kwa kipimo hicho hata msahihishaji mkarimu asingeweza kumpa 77, kwa sababu daraja la nne ni 67 na la tano ni 83. Halafu namba hizi mbili zinawekwa kwenye orodha moja!

Chamwino_K: Mwalimu, tatizo ni ukali wa msahihishaji tu. Wafanyiwe semina.

MamaWaWatatu: Hata binti yangu alinyimwa alama za hesabu ilhali jibu lilikuwa sahihi. Rufaa inapelekwa wapi?

MwalimuWaZamu: Mama, pole, ila hilo ni suala jingine, anza na mwalimu wa somo. Ndugu Chamwino, ukali upo, lakini ungekuwa peke yake insha zote zingeshuka pamoja. Mwanafunzi mwingine, mwenye lugha safi na hoja haba, alipata 73 kwa vipengele na daraja la tano, yaani 83, kwa jumla. Wa kwanza amekuwa wa pili.

Ipagala_Jopo: Nimesahihisha miaka mingi, na nakubaliana nawe kuhusu mpangilio wa nafasi. Hata hivyo usiiamini 77 haraka. Wapo wanaoamua alama ya jumla kichwani kwanza, kisha wakaigawanya kwenye vipengele. Ukiona vipengele vyote vinakaribiana katika kila karatasi, shuku hilo. Kwako 27 kwa 30 na 2 kwa 5 zimeachana, kwa hiyo huenda alisoma kweli. Swali langu ni kosa la "wana uza": walilikata kwenye tahajia, kwenye sarufi, au kote kuwili?

MwalimuWaZamu: Karatasi haionyeshi. Kama ni kote kuwili, basi hata hiyo 77 imepunjwa, na nimeandika barua kudai zile 14 za sarufi zifafanuliwe kosa kwa kosa.