Vyeti vya warsha ya siku tatu: namba tu, ukurasa wa kuhakiki, au QR? Mwajiri atatumia ipi?

Fundi_wa_Ziwa
Wakuu, salaam. Sisi ni kikundi cha mafundi hapa Mwanza, tunafundisha kufunga pampu za maji za sola, warsha ya siku tatu. Awamu ijayo itakuwa ya tatu mwaka huu, washiriki 28. Cheti chetu mpaka leo ni karatasi nzuri yenye jina, sahihi mbili na muhuri, basi.

Wiki iliyopita mkandarasi wa visima kanitumia picha ya cheti WhatsApp, anauliza "huyu ni wenu?" Jina silijui, ila sahihi ni yangu kabisa, imekatwa kwenye cheti cha mtu mwingine ikabandikwa pale. Kwa hiyo sasa tunataka namba za usajili, na mwajiri awe na pa kuhakikia.

Njia nilizonazo kichwani ni tatu. Ya kwanza, namba ya cheti pamoja na simu ya ofisi, mwajiri apige. Ya pili, ukurasa ambao anaandika namba na kupata jibu. Ya tatu, QR kwenye cheti, anaskani tu. Bajeti haizidi laki mbili kwa mwaka. Nani amewahi kufanya hili?

WinoNaKaratasi
Mkuu, mimi ni mchapaji. Wateja wengi wa vyeti wanataka hologramu ya dhahabu, nami nawawekea kwa sababu ndiyo kazi. Ila nikwambie ukweli, stika hizo zinauzwa kwa roli na hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Ukitaka kitu cha kushika mkononi, tengeneza muhuri wa kubonyeza wenye jina lenu, ule unaoacha alama bila wino. Ukipiga fotokopi alama haionekani.

Hesabu_Kali
Suluhisho ni rahisi na ni bure. Weka tarakimu mbili za ukaguzi mwishoni mwa namba, kwa hesabu ileile wanayotumia benki kwenye IBAN. Mwaka 26, awamu ya 03, mshiriki wa 17, unapata 26030017. Iweke kwenye seli A2, kisha:

```
=A2&TEXT(98-MOD(A2*100,97),"00")
```

Inatoa 2603001791. Namba nzima ukiigawa kwa 97 lazima ibaki 1. Mtu akigeuza ile 17 ikawa 71, inabaki 66, umemkamata. Mghushi hawezi kubuni namba itakayopita.

Rejista_Mstaafu
Hesabu_Kali, fomula yako ni safi, na hata mimi ningeiweka. Lakini inachokamata ni makosa ya kuandika. Afisa ajira akikosea tarakimu, ukurasa unamwambia hapohapo "angalia namba yako" badala ya kumwambia "cheti hakipo" na kumharibia kijana wa watu. Mghushi haimzuii, maana hesabu hiyo hata yeye anaweza kuipiga. Na kwa nini ajisumbue kubuni? Anachukua cheti halali cha rafiki yake, anabadilisha jina, namba anaiacha vilevile. Namba ni ya kweli, tarakimu za ukaguzi ni za kweli, cheti ni cha uongo.

Nimekaa ofisi ya usajili wa chuo miaka mingi, na huo ndio mtindo niliouona kuliko mwingine wowote. Kwa hiyo, Fundi, kabla hujachagua njia, amua kwanza jibu litasemaje. Likisema "namba hii ni halali" tu, umemsaidia mghushi. Lazima lirudishe jina kamili, jina la warsha, tarehe, na hali ya cheti. Mwajiri analinganisha jina la kwenye jibu na la kwenye kitambulisho cha aliyekaa mbele yake. Hapo ndipo uhakiki unapofanyika.

Jambo la pili ni njia ya kufikia jibu. Ile simu iliyoandikwa kwenye cheti, aliyeghushi ataibadilisha aweke ya shemeji yake. QR hali kadhalika: anatengeneza yake, inafungua ukurasa unaofanana na wenu wenye alama kubwa ya kijani. Sisemi msiweke QR. Nasema juu yake iandikwe anwani fupi kwa maandishi ya kusomeka, na anwani hiyohiyo ipatikane mahali pengine ambapo mwajiri anawakuta bila kupitia karatasi: ukurasa wenu wa Facebook, barua zenu, bango la ofisi.

Kijana_wa_Kahama
Samahani wakuu, hicho cheti chenye namba kitanisaidia kupata leseni ya EWURA? Nimefanya wiring miaka minne bila karatasi yoyote.

Fundi_wa_Ziwa
Hapana mdogo wangu. Leseni ya kufunga umeme ina masharti na madaraja yake, na warsha ya siku tatu haiingii hapo. Ulizia kwanza VETA juu ya kurasimisha ujuzi uliopata kazini.

Rejista_Mstaafu
Hilo swali la Kijana linagusa mada kuliko tunavyodhani. Fundi, cheti chako kinasema "amehudhuria" au "amefaulu"? Mwajiri akihakiki akakuta "halali" bila kujua ni halali kwa lipi, atampandisha mtu juu ya mnara wa tenki akidhani alipimwa.

Fundi_wa_Ziwa
Kinasema "amehitimu". Siku ya tatu kila mmoja anafunga pampu na kupima mkondo mbele ya mwalimu. Wachache huwa hawamalizi zoezi hilo, lakini cheti wanapewa kilekile.

Rejista_Mstaafu
Basi tenga maneno mawili, na yaonekane kwenye karatasi na kwenye jibu la mtandaoni: "Amehudhuria" na "Amehudhuria na kufaulu zoezi la vitendo". Na saa za mafunzo ziandikwe.

Afisa_Ajira_Msa
Niko Mombasa, naajiri mafundi wa hoteli. Niwaambie inavyokuwa huku kwetu. Maombi yananifikia kwa simu, picha au PDF. Sasa QR iko ndani ya simu yangu, nitaiskani na simu gani? Iko njia ya kufungua picha ndani ya programu ikasoma, lakini wenzangu wengi ofisini hawaijui, na picha yenyewe mara nyingi imefinywa na WhatsApp hadi QR imekuwa ukungu. Kinachonisaidia ni namba kubwa ya kusomeka, imegawanywa, kama 2603-0017-91. Hiyo naiandika kwa mkono bila shida.

Na kupiga simu sipendi. Napiga saa nne asubuhi, nyinyi mko juu ya paa mnafunga paneli. Bora muweke orodha ya wote waliopita, niisome mara moja nimalizane nayo.

Hesabu_Kali
Orodha nzima? Google Sheets ukiishea kwa linki, kila mtu anaona kila kitu, pamoja na namba za simu ukizisahau kwenye safu ya pembeni. Halafu namba zinafuatana: hata bila orodha, mtu anaandika 0001, 0002, 0003 mpaka anapata majina yote 28.

Rejista_Mstaafu
Hapo umenena. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Kwenye fomu ya kujiunga weka mstari unaosema jina, warsha, tarehe na matokeo vitaonyeshwa kwa atakayehakiki cheti, na mshiriki aweke sahihi. Namba ya NIDA na simu zibaki ofisini.

Kuhusu kubahatisha namba, ongeza msimbo mfupi wa siri wa herufi nne kwenye kila cheti. Tumia tarakimu 2 hadi 9 na herufi kubwa bila I na O, ili mtu asichanganye na 1 na 0. Zinabaki alama 32, na michanganyiko ya nne inazidi milioni moja. Ukurasa unadai namba na msimbo pamoja. Aliyeshika cheti anavyo vyote, anayebahatisha anachoka.

Tahadhari moja tu: ukitoa misimbo kwa `RANDBETWEEN` ndani ya jedwali, inabadilika kila unapohariri seli yoyote. Nakili, kisha bandika kama thamani tupu kabla ya kuchapa. La sivyo vyeti vitatoka na msimbo mmoja na rejista itakuwa na mwingine.

Afisa_Ajira_Msa
Mimi bado nataka orodha. Watu wenyewe wanaweka vyeti vyao Facebook, sisi tunaficha nini?

Hesabu_Kali
Anayeweka chake amejiamulia, dada. Wale 27 wengine hawajasema.

WinoNaKaratasi
Nirudi kwenye karatasi. QR isiwe chini ya sentimita mbili na nusu, na nyeupe ibaki kuizunguka, msiibane na ua la pembeni. Linki ikiwa fupi vidoti vinakuwa vikubwa na inasomeka hata karatasi ikichoka. Msitengeneze QR kwenye zile tovuti za majaribio ya bure zinazopitisha linki kwao kwanza. Majaribio yakiisha, QR inafungua tangazo la kulipia. Mteja wangu mmoja amegawa vyeti mia hivi na vyote vimekufa. Waambieni iingie linki yenu moja kwa moja.

Na msipige leminesheni kabla ya kuwakabidhi. Muhuri wa kubonyeza unalala, na wakili akitaka kugonga nakala anahangaika.

Fundi_wa_Ziwa
Asanteni sana. Nimeandika hivi, chini ya cheti:

```
Namba ya cheti:  2603-0017-91
Msimbo:          K7WD
Matokeo:         Amehudhuria na kufaulu zoezi la vitendo
Saa za mafunzo:  21
```

Kulia inakaa QR, chini yake anwani ya ukurasa. Simu ya ofisi tutaiacha kwenye Facebook tu. Domeni ya .or.tz tutaimudu kwenye hiyo laki mbili.

Maswali mawili bado. Jina likikosewa nikachapa upya, namba ibaki ileile? Na kikundi kikivunjika, nani atalipia domeni?

Rejista_Mstaafu
La kwanza lina jibu: namba mpya. Ile ya zamani usiifute, iandike "kimebadilishwa", maana karatasi ya kwanza bado iko mtaani. Na majina yapitishwe darasani siku ya pili, kila mtu alinganishe lake na kitambulisho chake, utapunguza kazi hiyo.

La pili ni gumu. Domeni ikiachwa, mtu mwingine anaweza kuisajili, na QR zenu zote zikamfungukia yeye. Lipieni miaka kadhaa kwa mpigo kama msajili anaruhusu. Na kila awamu ikiisha, chapeni rejista, ibandikwe kwenye kaunta buku, kila ukurasa usainiwe na watu wawili. Nakala moja ikae nje ya ofisi yenu, kwa mfano chuo mnachoazima karakana yake.

Hesabu_Kali
Kaunta buku mwaka huu kweli, mzee? Chukueni PDF iliyosainiwa kidijitali, itumeni kwa barua pepe tatu tofauti.

Rejista_Mstaafu
Itumeni pia, sijakataza. Ila nenosiri la barua pepe ya kikundi analijua nani, Fundi?

Fundi_wa_Ziwa
Katibu. Na amehamia Geita mwezi uliopita. Ngoja nimpigie.