Mrejesho: tangazo la jina mpya ya kampuni

Niliuliza: "Patro ananipa tangazo la jina mpya nilitengeneze, bantu banalisoma lakini habajui kesho batafanya nini. Nianzie wapi?"

Aksanti kwa bote. Ile maneno ya maono na logo nimeishusha chini kabisa, juu nikaweka tarehe na kile chenye kinabadilika kwa kila posti. Zamani ilisema "tutaoanisha nyaraka zetu na utambulisho mpya", nani atajua ni yeye? Sasa inasema: "Siku ya tarehe hiyo, bantu ba gishe batumie karne mpya ya fakitire, ya zamani irudishwe kwa kontabli. Fakitire ya zamani yenye haiyalipwa musiiandike upya, ingali na nguvu."

Swali lenye lilitoka sana ni la kontra na mushahara, na patro hakuligusa hata kidogo. Nikaandika wazi: kampuni ni ile ile, jina tu njo linabadilika, kwa hiyo kontra, miaka ya kazi na namba ya RCCM, ile rejistre ya biashara, vinabakia.

Penye palikuwa nguvu ni kashe. Mwenzetu wa Kasumbalesa akauliza, dosye yenye ilifunguliwa kwa jina la zamani naipiga kashe gani? Tukakubaliana ya zamani mpaka dosye ifungwe, na mpya isiguse karatasi ya duane mbele RCCM haiyaandika jina mpya, juu majina mawili kwa dosye moja lori inalala mupakani.

Kwa mwisho nikafuta "wasiliana na uongozi", nikaweka jina na telefoni ya mutu mumoja.