Pepo akitaja jina la bibi, kanisa limwamini?

Mama Kulwa, Misungwi: Kwenye mkesha wa Ijumaa binti wa dada yangu alianguka. Mchungaji akamsogezea kipaza sauti, akauliza, "Nani kakutuma?" Sauti ikataja jina la bibi yake mzaa baba. Kesho yake usiku vijana wakapiga bati la bibi kwa mawe, sasa nalala naye kwangu. Pepo akisema hivyo, Mkristo amwamini?

Katekista mstaafu, Sengerema: Pole, mama. Mimi nasema hapana, na si kwa sababu nakana kuwa pepo wapo. Yohana 8:44 Yesu anamwita Ibilisi mwongo na baba wa huo uongo. Unamfukuza mwongo, halafu dakika hiyohiyo unamfanya shahidi dhidi ya kikongwe?

Mwombaji wa Igoma: Katekista, taratibu. Marko 5 Yesu mwenyewe alimuuliza pepo, "Jina lako nani?" Akajibiwa Legioni. Sisi tunafuata nyayo zake. Na Kutoka 22:18 imeandikwa, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi."

Katekista mstaafu: Aliuliza jina la pepo. Hakuuliza ni jirani gani kamtuma, na wala Wagerasi hawakutoka pale na mawe kwenda kwa ajuza fulani. Marko 1:34 inasema hakuwaacha pepo waseme. Halafu soma Matendo 16. Yule kijakazi wa Filipi alikuwa na pepo wa uaguzi, na aliyoyasema kuhusu Paulo yalikuwa ya kweli kabisa. Paulo alimnyamazisha hata hivyo. Uaguzi ndio ramli. Mganga akimtaja mtu kwa kioo tunaita ramli chonganishi; mkesha ukimtaja kwa spika tunaita ufunuo. Hiyo Kutoka 22 ukiitumia hivyo, ujue huku Usukumani kuna vikongwe walishakatwa mapanga kwa neno hilohilo "mchawi".

Muuza dagaa, Mwaloni: Naomba msaada kwenye hili. Tangu Januari mzigo wangu unaoza njiani, mwenzangu wa kibanda cha pili anauza tu. Kanisa gani linafungua biashara?

Katekista mstaafu: Ndugu yangu, anika dagaa wakauke vizuri kabla ya kufunga. Tuendelee.

Nesi, Magu: Mama Kulwa, binti alipoanguka aling'ata ulimi? Alijikojolea? Baadaye alikumbuka?

Mama Kulwa: Hapana. Alilia, akaongea, akanyamaza. Ilianza mwaka huu, baada ya baba yake na bibi kugombania shamba la mpunga.

Nesi, Magu: Basi nilikuwa nawaza kifafa, sasa sina hakika. Mtu aliye katikati ya degedege hawezi kujibu maswali kwa mpangilio hivyo. Apelekwe kliniki ya afya ya akili wamsikilize akiwa peke yake. Na hilo jina halikutoka mbali, lilikuwa linanong'onwa nyumbani kwao tayari.

Mama Kulwa: Kweli. Hata macho mekundu ya bibi walishayasema. Bibi anapikia kuni na mavi ya ng'ombe tangu nimjue.

Mtendaji wa kijiji wa zamani: Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1928, ya mkoloni, lakini bado inafanya kazi. Kumtangaza mtu hadharani kuwa mchawi ni kosa, na joho halimkingi mtu. Mawe yale yaripotiwe polisi.

Mwombaji wa Igoma: Sawa, tusitaje majina. Lakini ninyi wa makanisa makubwa mnatoa nini? Mtu halali usiku, padri anafika kigangoni mara moja kwa mwezi, anamwambia ni imani potofu, anawasha pikipiki. Sisi tunakesha naye.

Katekista mstaafu: Hapo umenipata. Kwetu kupunga pepo rasmi kunahitaji padri mwenye kibali cha wazi cha askofu, ni kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa Katoliki. Ibada ya kupunga iliyotolewa mwaka 1998 inasema anayedhani amelogwa asipungwe, ila asiachwe bila msaada, aombewe na kusali pamoja naye. Sehemu ya kwanza tunaishika sana. Ya pili, vigango vingi sijaiona ikifanyika. Papa Benedikto alikwenda Luanda mwaka 2009 akawazungumzia Waafrika wanaoishi kwa hofu ya mizimu, hadi kuwahukumu watoto na wazee kuwa wachawi. Hofu aliiona, hakuicheka.

Mwombaji wa Igoma: Mimi bado naamini pepo wengine hutumwa na mtu.

Katekista mstaafu: Amini. Ila mwombe Bwana amtoe, usimuulize pepo anwani ya aliyemtuma.

Mama Kulwa: Mchungaji amepiga simu sasa hivi. Anasema Jumapili nimlete bibi mbele ya kanisa, "asafishwe" na mambo yaishe. Bibi anataka kwenda, anasema amechoka kujificha. Nimpeleke?

Mtendaji wa zamani: Usimpeleke. Akisafishwa mbele ya watu, amekiri.

Mwombaji wa Igoma: Mwambie mchungaji aje kwako, bila spika. Nitakuja naye mimi.